Hiyo "i" ni ya betri au ya kontrola?

"Naandika maelezo ya kufunga sola nyumbani. Wasomaji wanalalamika kwamba nikisema 'iunganishe' hawajui ni nini kiunganishwe. Nirekebishe wapi?"

Ndugu, mimi huandikia duka moja la vifaa vya umeme pale Luthuli Avenue karatasi za maelezo, na kosa hilo lilishanitia hasara. Niliandika hivi:

"Unganisha betri na kontrola. Ikiwaka, leta paneli uiunganishe nayo. Ukitaka kuibadilisha, itoe kwanza."

Mteja mmoja wa Kayole alielewa kwamba "nayo" ni betri, akafunga paneli kwenye betri moja kwa moja. Hapo hakuna kontrola ya kuzuia chaji ikizidi, na baada ya muda betri ikavimba. Nilipoisoma tena karatasi ile, niliona alikuwa na haki ya kuelewa alivyoelewa.

Betri, kontrola na paneli zote ni ngeli ya I-ZI, kama yalivyo maneno mengi tuliyokopa. Kwa kawaida ngeli ndiyo inayotuambia kiambishi ni cha nani, lakini majina matatu yakigawana "i" moja, msaada huo umekwisha.

Chukua kalamu, zungushia kila "i", "nayo", "yake" na "hiyo". Kwa kila moja, rudi nyuma uhesabu majina yanayoweza kuimiliki. Yakizidi moja, rekebisha. Kwangu "itoe" ndiyo iliyonitisha zaidi: nilimaanisha paneli, kwa sababu kontrola nyingi zinaweza kuharibika zikibaki na paneli bila betri. Lakini sentensi yenyewe ilimwambia msomaji atoe betri!

Nikaandika upya:

"Unganisha betri na kidhibiti chaji. Taa ya kidhibiti ikiwaka, unganisha paneli na kidhibiti hicho. Ukitaka kubadilisha betri, toa paneli kwanza, ndipo utoe betri."

Nimefanya mambo mawili tu. Pale palipokuwa na utata nimerudisha jina lenyewe, hata kama linajirudia. Kisha nimeita kontrola "kidhibiti", ili "hicho" kisiweze kushika betri wala paneli. Ukishachagua jina, lishikilie hadi mwisho: ukisema kontrola hapa, kidhibiti pale, kifaa kule, msomaji atatafuta vitu vitatu kwenye boksi.

Sisi wa Nairobi tuna mtego wetu. Tumezoea kusema "hii kidhibiti imewaka", kila kitu ni "i". Ukiandika hivyo, faida ya kubadilisha ngeli imepotea. Tena ikiwa una vitu viwili vya KI-VI katika sentensi moja, ngeli haitakusaidia, taja jina.

Usimpe fundi akukagulie, kwa sababu yeye anajua kazi na atajaza mapengo bila kuyaona. Mimi humpa jirani asiyewahi kufunga sola, namwekea vifaa mezani, na kila akifika kwenye alama niliyozungushia namwomba aguse kitu kinachotajwa. Akisita na mkono hewani, narudi kwenye sentensi hiyo.