Shangazi, navuja mkojo tangu nijifungue

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 20, naishi kijijini mkoani Geita. Wiki tano zilizopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza. Uchungu ulianza Jumatatu usiku, nikakaa kwa bibi anayezalisha mpaka Jumatano mchana ndipo nikapelekwa hospitali. Hawakunipasua, lakini mtoto alitoka ameshafariki. Siku ya sita mkojo ukaanza kutoka wenyewe na haujakoma. Usiku nikilala naweza kuamka nikakojoa kidogo, ila nikisimama tu unatiririka mapajani. Mguu wa kushoto nauburuza. Siku hizi sinywi maji ili nisilowe, lakini harufu imezidi na mapaja yamechubuka. Mama mkwe anasema nimerogwa, mume wangu amenirudisha kwa mama. Je, nitapona?*
*Binti wa Geita*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mtoto, na pole kwamba hata kumlilia hukupata nafasi, maana watu wote wamegeukia kanga zako zilizolowa.

Unachoeleza kina kila dalili ya fistula ya uzazi. Inatibika, na walio wengi hupona. Lakini kwako wewe kuna jambo la haraka ambalo aliyekaa na tatizo hili miaka mitano hana: wiki zako bado ni chache. Barua hii usiisome ukaikunja. Nenda hospitali wiki hii hii, nami nitakueleza kwa nini.

Kwanza ujue kilichotokea. Kibofu cha mkojo kimekaa mbele, nyuma tu ya mfupa wa kinena. Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga, kila uchungu unapokuja kinakikandamiza kibofu na ukuta wa uke kwenye mfupa huo. Saa zikipita bila kichwa kusogea, damu haifiki tena kwenye nyama iliyobanwa, na nyama isiyopata damu hufa. Siku ile haitoboki. Hukaa pale pale, ikaanza kuoza taratibu, kisha ikabanduka kati ya siku ya tatu na ya kumi na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Ndiyo maana wewe ulianza kuvuja siku ya sita na si siku ya kujifungua. Mguu nao ni habari ile ile: mishipa ya fahamu inayoinua unyayo ilibanwa humo humo.

Mama mkwe wako mwambie, kwa adabu, kwamba mwaka 1855 New York ilifunguliwa hospitali ya wanawake ambako wengi waliotibiwa walikuwa na tatizo kama lako. Wanawake wale hawakurogwa na mtu wa Geita. Walikaa na uchungu siku mbili tatu kwa sababu hakukuwa na upasuaji salama wa kumtoa mtoto, basi.

Sasa nieleze haraka inatoka wapi. Tundu likiwa bado bichi na si kubwa, linaweza kujifunga lenyewe bila upasuaji, ilimradi kibofu kibaki kitupu muda wote. Wanakuwekea mpira wa mkojo, unakaa humo usiku na mchana kwa wiki nne hivi, wakati mwingine sita, mkojo unapita kwenye mpira na kingo za tundu zinapata nafasi ya kukutana. Si kila mtu hufanikiwa kwa njia hii, wengi bado watahitaji kushonwa. Lakini anayewekewa mpira mapema ana bahati ambayo miezi ikipita inapotea, kwa sababu kingo za tundu huwa zimeshakuwa kovu, na kovu haliungani lenyewe. Wewe kukojoa kidogo usiku ni dalili nzuri, inaonyesha kibofu bado kinashika kiasi fulani ukiwa umelala. Huenda tundu lako si kubwa. Aliyekutazama tu ndiye atakayesema kwa hakika.

Kumtazama mgonjwa wa fistula si jambo la mashine kubwa. Wanaingiza vipande vitatu vya pamba ukeni, kimoja juu ya kingine, kisha wanapitisha maji yenye dawa ya rangi ya bluu kwenye kibofu kwa mpira, wanakuambia utembee kidogo. Pamba zikitoka na bluu, tundu liko kwenye kibofu. Pamba ya juu ikitoka imelowa lakini haina bluu, mkojo huo haujapita kwenye kibofu kabisa, unatoka kwenye mrija unaoshuka kutoka figo. Hilo huwapata zaidi waliojifungua kwa kisu, na tiba yake ni nyingine, mpira hausaidii. Wewe hukupasuliwa, kwa hiyo mimi nategemea bluu.

Ulipo wewe, pa kwenda ni Bugando, Mwanza. Msomaji aliye Dar es Salaam au Pwani aende CCBRT, Msasani, ambako fistula hutibiwa bila malipo, na kwa miaka mingi wamekuwa wakimtumia mgonjwa asiye na kitu nauli kwa M-Pesa. Usianze safari kwa kubahatisha. Nenda zahanati yenu, umwambie muuguzi maneno haya haya: "Nilikaa na uchungu siku mbili, mtoto alifariki, tangu siku ya sita mkojo unatoka wenyewe." Mwombe akupigie simu Bugando akuulizie siku ya kuja, na akuwekee mpira kabla hujaondoka kama anao. Akikuambia "utazoea, ni kawaida kwa mzazi wa kwanza", mshukuru na umtafute mwingine. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi na sentensi hiyo imewakalisha wanawake ndani kuliko tundu lenyewe.

Wakati unasubiri, acha kabisa hiyo ya kutokunywa maji. Najua unaona ukinywa unalowa, na ni kweli, ila mkojo mchache ni mkojo mkali. Huo mkali ndio unaonuka na ndio unaokuchoma mapaja, na ukikaa hivyo muda mrefu hujenga mawe kwenye kibofu. Chukua dumu la lita tano, lijaze asubuhi, jioni libaki karibu tupu. Mkojo unatakiwa uwe mweupe karibu kama maji. Ukifika hapo harufu itapungua ndani ya siku chache na michubuko itaanza kukauka. Osha kwa maji matupu, jikaushe kwa kugusagusa, pakaa mafuta ya mgando kabla ya kuvaa kitambaa. Dettol na mitishamba ya kujifukiza visifike huko.

Mguu usiusubiri. Kaa chini, nyoosha miguu, pitisha kanga chini ya kidole gumba na unyayo wa kushoto, shika ncha zote mbili uvute unyayo uje kwako mpaka uhisi msuli wa nyuma unavutika. Hesabu hadi thelathini, achia, rudia. Fanya asubuhi, mchana na jioni. Mishipa hurudi polepole, kwa miezi, na wengi hupata nafuu kubwa. Lakini kifundo kikikauka huku unyayo umeelekea chini, hata mishipa ikirudi hutaweza kukanyaga vizuri.

Ukiwekewa mpira, wewe ndiye mlinzi wake. Mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu, mrija usikunjwe wala kukaliwa, na mtu asiufunge kwa kamba eti "kibofu kijifunze". Ukiona mkojo umeacha kuingia kwenye mfuko na wewe umelowa, au tumbo la chini linajaa, mpira umeziba. Mwite muuguzi saa ile ile, hata kama ni saa nane za usiku.

Mpira ukishindwa, utashonwa. Madaktari wengi husubiri kama miezi mitatu tangu kujifungua, ili nyama iliyokufa iwe imeisha na iliyobaki iwe safi ya kushika uzi. Wakikupima damu wakakukuta nayo kidogo, watakulisha kwanza. Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni, hutasikia maumivu, na mara nyingi kazi yote hupitia ukeni bila kupasua tumbo. Daktari hukitenganisha kibofu na uke, akakishona kibofu peke yake bila kukivuta, kisha akakijaribu tena kwa ile bluu. Baada ya hapo mpira hukaa kati ya wiki moja na mbili. Tundu la kawaida likishonwa na fundi, katika wanawake kumi, kama tisa hufunga mara ya kwanza. Likishonwa vibaya likafumuka, la pili huwa gumu kuliko la kwanza, na la tatu gumu zaidi, maana kila mara kovu linaongezeka. Kwa hiyo akitokea daktari wa karibu mwenye moyo mzuri akataka "kujaribu", muulize ameshona fistula ngapi. Akionyesha kukwazika, ndiyo jibu lenyewe hilo.

Wachache, tundu likishafunga, bado huvuja wakikohoa au wakibeba ndoo, kwa kuwa msuli wa kufungia mkojo nao uliumia. Hilo lina mazoezi yake, na pengine upasuaji mwingine. Usirudi nyumbani ukajinyamazia. Rudi wakupime upya kwa bluu, ijulikane ni tundu au ni msuli.

Mumeo sitamsemea. Kama mama yako anaweza kumwita, aje asikie kwa daktari mwenyewe, maana atatakiwa kukaa miezi mitatu baada ya kushonwa bila kukukaribia, na asiyejua sababu hatavumilia. Akikataa kuja, nenda na mama. Matibabu hayahitaji ruhusa yake.

Na mimba nyingine? Inawezekana. Watakushauri usubiri walau mwaka, kwa hiyo omba uzazi wa mpango kabla hujatoka wodini. Ukishika mimba, anza kliniki mapema, waambie umeshonwa fistula, na upangiwe tarehe ya kujifungua kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Wiki za mwisho usizimalizie kijijini. Hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali au kwenye chigonela, nyumba ya kusubiria wajawazito, kama hospitali yenu inayo.

Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa: mama aliyekaa na uchungu siku mbili asitolewe mpira siku ya pili kwa sababu "amekojoa vizuri". Mwachieni siku kumi hadi kumi na nne, mumpe maji mengi. Kuna matundu hayatokei kabisa kwa hilo tu.

Binti yangu, safari ya Mwanza beba kadi yako ya kliniki na karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali, hata kama imelowa na wino umefifia. Tarehe ya kujifungua iliyoandikwa humo ndiyo itakayomwambia daktari kwamba mpira bado una nafasi.