Ofa ya muziki bila kukatwa bando: ipime kwa saa moja kabla ya kuitegemea

Ofa inaposema muziki hautakula bando, mara nyingi inachosamehewa ni sauti tu. Muziki unapopigwa simu huwasiliana na seva kadhaa: moja inaleta wimbo, nyingine picha ya albamu, nyingine matangazo. Data imefichwa kwa usimbaji, kwa hiyo mtandao wako hauoni wimbo wenyewe. Kwa kawaida huona jina au anwani ya seva, kisha huilinganisha na orodha yake. Data ya seva isiyokuwamo kwenye orodha hukatwa kwenye bando. Ndiyo maana video za nyimbo, matangazo na kupakua au kusasisha programu yenyewe mara nyingi hubaki nje. Ukiwasha VPN, mtandao huona seva ya VPN tu, na hapo hata wimbo wenyewe hukatwa.

Kupima ni rahisi. Weka ubora wa sauti kwenye kbps 160, zima VPN na Wi-Fi, kisha zuia programu nyingine zisitumie data. Angalia salio la bando, halafu sikiliza kwa saa nzima nyimbo ambazo hujawahi kuzipiga kwenye simu hiyo. Hili la nyimbo mpya ni muhimu sana: zilizokwisha kuhifadhiwa hazivuti data tena, na utadhani ofa inafanya kazi kumbe hakuna kilichopita. Ukimaliza, subiri kidogo kabla ya kuangalia salio, maana huchelewa kusasishwa.

Kbps 160 mara sekunde 3,600, ukigawanya kwa 8 kupata baiti, ni KB 72,000, yaani kama MB 72. Bando likipungua MB 5, sauti imesamehewa na hizo 5 ni picha, matangazo na mengineyo. Likipungua MB 70 na zaidi, ofa haikutambua muziki wako kabisa. Hakikisha imewashwa na kwamba programu unayotumia imetajwa kwa jina. Ukipandisha ubora hadi kbps 320, saa hiyo inafika MB 144, kwa hiyo kosa hilo hilo litakugharimu mara mbili.

Soma pia masharti kuhusu hotspoti na matumizi nje ya nchi. Ujerumani, ofa ya Vodafone Pass ilihesabu data ya hotspoti kwenye bando la kawaida, na Septemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba ofa za aina hiyo zinakiuka kanuni za intaneti huria.

Sharti linalouma zaidi, kwa maoni yetu, ni la bando kuu kuisha. Baadhi ya ofa husimama hapo hapo. Nyingine huendelea na sauti, lakini zile MB chache za picha na matangazo huanza kukatwa kwenye salio la kupigia, kwa bei ya nje ya kifurushi. Kama mtandao wako unaruhusu, funga matumizi ya data nje ya bando kabla hujabonyeza wimbo wa kwanza.