Jenereta inanguruma, taa haziwaki

Msimu wa kusi uliopita umeme ulikatika hapa Lamu, nikaitoa jenereta iliyokaa stoo miezi mitano. Injini ilishika kwa mvuto wa pili na kunguruma vizuri, lakini hakuna taa iliyowaka. Fundi aliyekuja aliisikiliza tu, akasema: "Kaka, koili imeungua, tafuta nyingine." Hakufungua hata skrubu moja.

Usikubali hukumu hiyo upesi. Hakikisha swichi ya kujikata haijaruka, kisha pima soketi kwa mita huku injini ikienda bila mzigo wowote. Yangu ilisoma volti 3 badala ya 240. Nilifurahi kuziona hizo tatu, kwa sababu hutokana na sumaku kidogo inayobaki kwenye chuma cha rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya jenereta. Kilichokosekana ni mkondo wa kuikuza sumaku hiyo. Katika jenereta yenye brashi, mkondo huo hutoka kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti, ukapita kwenye brashi za kaboni na kuingia kwenye pete mbili za rota.

Nilizima injini, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaandika waya upi ni wa chanya, ndipo nikazichomoa nyaya za brashi. Nilipopima omu kupitia brashi, mita haikusoma kitu. Nikaweka ncha zake kwenye pete zenyewe: omu 52. Rota ilikuwa nzima! Brashi moja ilikwama kwenye kishikio chake, springi ikashindwa kuisukuma, na pete zilikuwa na kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya pwani hii haisamehe mashine iliyolala. Nilizisugua pete kwa msasa laini, nikafuta vumbi, nikakisafisha kishikio mpaka brashi ikateleza yenyewe. Nilipowasha, soketi ilisoma 238.

Kama zingebaki 3, ningeichomoa regyuleta na, injini ikienda, ningezipa brashi volti 12 za betri kwa sekunde chache, chanya kwa chanya. Soketi ikipanda hadi makumi ya volti, koili zinafanya kazi na wa kushukiwa ni regyuleta. Isipopanda, basi fundi huenda yuko sahihi. Jenereta inayosoma sifuri kwa kukaa muda mrefu, mara nyingi betri hiyo hiyo huirudishia sumaku iliyopotea.

Ya jirani yangu wa Shela haina brashi wala regyuleta, ina kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, ndiyo inayosaidia kuikuza sumaku. Usiishike kabla ya kuimaliza chaji kwa balbu, hata kama injini imezimwa. Yake iliandikwa mikrofaradi 25, mita ikasoma 9. Tulinunua ya 25 yenye volti 450 kama ile ya zamani. Muuzaji alitaka kumpa kubwa zaidi, nikakataa, maana kapasita kubwa hupandisha volti za soketi na friji ndiyo inayoumia.