Mabomba mawili sambamba: maji yanagawanyikaje?

Kazi ya kwanza niliyoachiwa nipige hesabu peke yangu hapa Lamu ilihusu bomba lililoelemewa. Lilikuwa bomba la chuma la inchi mbili, limepita moja kwa moja kwenye kichochoro kwa mita 120. Kichochoro chenyewe ni vile mnavyovijua, punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma, kwa hiyo kufukua na kulaza bomba kubwa hapo hakukuwezekana. Tukaamua kuliacha lile la zamani mahali pake na kulaza jingine la plastiki, pana zaidi, lizungukie upande wa pwani. Mzunguko huo ulikuwa mita 480. Yote mawili yalianzia kwenye tii moja na kukutana tena kwenye tii nyingine. Jumla ya maji yaliyotakiwa kupita ni lita 5 kwa sekunde, nami nikaambiwa niseme kila bomba litabeba ngapi.

Nilichofanya ndicho atakachofanya mwanagenzi yeyote asiyekanywa mapema. Nilipima uwazi wa kila bomba nikagawa maji kwa uwiano huo. Ndani, bomba la chuma lilikuwa na kipenyo cha milimita 50 na la plastiki 75, basi uwazi wa jipya ni mara 2.25 ya uwazi wa zamani. Nikaandika lita 1.54 kwa chuma na 3.46 kwa plastiki, nikampelekea fundi mkuu.

Hakutazama majibu. Aliuliza, "Mwanangu, ukifunga geji ya presha kwenye tii ya mwisho, itasoma namba ngapi?"

Nikamjibu, "Moja."

"Basi nionyeshe kwa hesabu yako."

Nikakaa nikakokotoa presha inayoliwa na msuguano katika kila njia, nikitumia kanuni ya Darcy na Weisbach na namba ya msuguano ileile, 0.020, kwa mabomba yote mawili. Njia ya chuma ilipoteza kimo cha maji cha mita 1.5. Njia ya plastiki ilipoteza mita 4.0. Yaani kwa hesabu yangu, maji yaleyale yaliyotoka kwenye tii moja yangefika kwenye tii ya pili yakiwa na presha mbili tofauti kwa wakati mmoja. Jambo hilo haliwezekani. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yote ilivyo: maji hujigawa mpaka upotevu wa presha katika njia zote mbili uwe sawa. Upotevu haujumlishwi. Kinachojumlishwa ni maji. Anayejumlisha upotevu anahesabu mabomba yaliyofuatana, si yaliyo sambamba.

Upotevu katika bomba hukua kwa urefu wake na kwa mraba wa kiasi cha maji, na hupungua kwa kipenyo kikipandishwa kwa kipeo cha tano. Ukisawazisha pande mbili, unabaki na uwiano huu, A likiwa la chuma na B la plastiki, Q kiasi cha maji, D kipenyo, L urefu na f namba ya msuguano:

```
Q_B / Q_A = sqrt[ (D_B/D_A)^5 × (L_A/L_B) × (f_A/f_B) ]
```

Anza kwa kudhani f ni sawa. Kipenyo ni mara 1.5, na 1.5 kwa kipeo cha tano ni 7.59. Urefu wa A ukigawanywa kwa wa B ni robo. Robo ya 7.59 ni 1.90, na kipeuo chake cha pili ni 1.38. Kwa hiyo kila lita 1 inayopita kwenye chuma, lita 1.38 hupita kwenye plastiki. Gawanya 5 kwa 2.38 upate lita 2.10 za chuma, zilizobaki 2.90 ni za plastiki. Tazameni urefu ulivyolivuta jibu. Bomba jipya lina uwazi zaidi ya mara mbili, lakini mzunguko wake umelinyima sehemu kubwa ya faida hiyo.

Hata hivyo f haikuwa sawa. Chuma cha zamani kinakwaruza, plastiki ni laini. Chukueni kasi mliyoipata, tafuteni f ya kila bomba kwenye chati ya Moody. Kwetu ilitoka karibu 0.029 kwa chuma na 0.020 kwa plastiki. Uwiano ukapanda hadi 1.66, na maji yakawa lita 1.88 kwa chuma na 3.12 kwa plastiki. Rudieni chati kwa kasi hizi mpya. Kwetu f hazikusogea kiasi cha kubadilisha jibu, tukasimama hapo. Kisha hakikisheni kama nilivyoamrishwa mimi: kila njia ilipoteza mita 3.25. Lile la chuma lingeachiwa lita zote 5 peke yake lingepoteza mita 23 hivi, na tenki letu halikuwa na kimo cha namna hiyo.

Sasa nije kwenye kipenyo, maana hapo ndipo kosa dogo huharibu kazi nzima. Bomba la plastiki la aina tunayolaza huitwa kwa kipenyo cha nje. Lililoandikwa 75 ubavuni, ndani yake linaweza kuwa 68 au pungufu, kutegemea unene wa ukuta. Kwa kuwa kipenyo kinapandishwa kwa kipeo cha tano, kutoka 75 hadi 68 kunapunguza maji ya bomba hilo kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, upotevu wa presha ukiwa uleule. Letu lilikuwa limeandikwa 90, na ile 75 tuliipima kwenye kipande kilichokatwa. Chuma nacho kipimwe ndani: kutu hujaza, na milimita 3 za kutu kwenye bomba la inchi mbili si kitu cha kudharau.

Viungo na kona nimeviacha nje kwa sababu mabomba haya ni marefu mno kuliko upana wake. Kwenye vipande vya mita tatu au nne pembeni mwa pampu msiviache; huko kona na valvu ndizo zinazoamua mgawanyo.

Mkimaliza kulaza, msijaribu kujua fungu la bomba moja kwa kufunga jingine. Ukifunga moja, lililobaki linasukumiwa maji zaidi kuliko lilivyokuwa likibeba, na namba utakayoipata si fungu lake. Wekeni mita kwenye kila bomba, zisomwe dakika ileile, zisomwe tena baada ya nusu saa. Kwetu plastiki ilipitisha mara 1.2 tu ya chuma badala ya 1.66. Jumla haikupungua sana, na ndiyo maana hakuna mkazi aliyelalamika. Tulianza na valvu. Ilikuwa wazi hadi mwisho. Tukatembea na bomba kando ya pwani mpaka pale lilipopanda kuruka mfereji, mahali pa juu kuliko pengine pote, tukatoboa na kufunga koki ya kutolea hewa. Ilifoka hewa kwa muda mrefu kabla ya maji kutokea, na mita zilipokaa sawa jioni ile uwiano ulisoma 1.6.