Ngozi kukauka baada ya kuogelea

"Naogelea kwa bwawa la hoteli hapa Malindi mara nne kwa wiki, sasa miguu imekuwa myeupe kama nimejipaka majivu na inawasha usiku. Najipaka mafuta ya nazi kila nikifika nyumbani lakini wapi."

Pole dadangu, shida si mafuta, ni saa unayopaka. Ukitoka majini ukakaa na klorini juu ya ngozi, ukapanda tuktuk mpaka nyumbani na jua lote hilo, mafuta asilia ya ngozi yameshaoshwa, nayo maji yanakauka yakivuta unyevu uliobaki, halafu mafuta ya nazi juu ya ngozi kavu hayaongezi maji, yanazuia tu yaliyomo yasitoke.

Fanya hivi. Kabla ya kuingia oga shawa dakika moja, ngozi ikishiba maji matamu hainywi sana ya bwawa, kisha vaselini nyembamba kwa miguu na viwiko, nyembamba kweli usije ukachafua bwawa la watu. Ukitoka tu, shawa tena palepale, maji yasiwe moto, sabuni laini kwapani na kwenye mikunjo basi. Jipanguse kwa kugusagusa na taulo, na ndani ya dakika tatu, ngozi bado mbichimbichi, paka losheni yenye glisirini, nazi juu yake ukipenda.

Mimi nilikuwa naoga nyumbani kwa maji ya kisima ya chumvi, nikashangaa mbona nazidi kuwashwa! Siku hizi nabeba losheni kwa begi. Ngozi ikipasuka au kutoa majimaji, nenda kliniki.