Kadi zinasifu, mgeni wa siri analalamika

"Hotelini kwetu kadi za maoni za wateja zinatupa 4.6 kati ya 5 ila mgeni wa siri, yaani mkaguzi anayekuja kama mteja wa kawaida, katupa asilimia 61, tuamini ipi?"

Zote, zinapima vitu tofauti. Kadi anajaza aliyefurahi sana au aliyekasirika, wa katikati anaondoka kimya. Na nani anazikusanya? Kwetu weita alikuwa anazipokea mkononi, mbaya hazikufika kwa meneja, tukaweka boksi la kufuli mapokezi na ndani ya mwezi malalamiko ya kusubiri bili yakaanza kuonekana. Mgeni wa siri naye ni ziara moja tu, usimfukuze mtu kwa hiyo, angalia dakika alizoandika, kama bili ilichukua dakika 14 na kadi nazo zinataja bili basi anzeni hapo, halafu tumeni mgeni wa siri mwingine kwenye zamu ileile baada ya wiki 6.