Asilimia 10 kwa kila kitu? Usilipe bado

*"Wakuu, naagiza marumaru, saruji, mchanga, mabati na rangi za kumalizia nyumba. Fundi kasema niongeze asilimia 10 kwa kila kitu ya kuharibika. Inatosha?"*

Mkuu, kama hujalipa, simu irudi mfukoni kwanza. Hiyo asilimia 10 niliuziwa na mimi, na aliyeniuzia hata futikamba hakuitoa. Alisimama mlangoni, akazungusha macho, akataja mita za mraba kama anasoma nyota.

Kilichonimaliza ni korido. Upana mita 1, urefu mita 9. Marumaru ni za 60 kwa 60, boksi lina vipande 4, sawa na mita za mraba 1.44. Chukua 9, ongeza asilimia 10, unapata 9.9: maboksi 7, vipande 28. Kwenye karatasi, hesabu ni safi kabisa. Sasa zipange chini. Upana wa mita 1 unakula kipande kizima na kingine unachokata sentimita 40. Kinachobaki ni sentimita 20, hakizibi mstari unaofuata. Vipande 2 kila mstari, mistari 15, jumla 30. Umepungukiwa 2 kabla hata kimoja hakijapasuka njiani. Wakati huohuo sebule ya mita 4 kwa 5 haikupoteza karibu chochote, maana mabaki ya sentimita 20 ya upande mmoja yaliingia barabara upande wa pili.

Nikarudi dukani. Boksi jipya jina lilelile, lakini namba ya rangi na ya kipimo iliyopigwa ubavuni ni nyingine. Muuzaji ananiambia "zikikauka zitafanana". Zikauke, kwani ni nguo? Mwisho wa korido yangu una weupe wake, na wageni nawaambia ni ubunifu.

Kwa hiyo chora chumba kimoja kimoja, uhesabu vipande. Kila kinachokatwa kihesabu kizima, labda uwe umeona mabaki yake yanaingia wapi. Ukilaza mshazari, kingo zote zinakatwa, kwa hiyo hasara inapanda. Ukishapata jumla ndipo uongeze maboksi mawili ya kuvunjika na ya kuziba baadaye, yote ya namba moja, siku moja. Fungua maboksi kabla gari halijaondoka. Mabaki ya sentimita 20 usitupe, yanapasuliwa kuwa ya kupigia pembeni mwa ukuta.

Saruji usirundike ya akiba: ikipungua utaikuta dukani ileile, ikikaa inashika unyevu na kuganda. Mchanga unaomwagwa chini, sawa, ongeza, kwani wa chini kabisa huchanganyika na udongo. Mabati hesabu bati moja moja, ukiondoa sehemu yanapolaliana. Rangi waulize wengine.

Korido yako ina upana gani?